Tunatafuta watu 30 wa kusafisha Mto Naura, Jumamosi tarehe 28 Februari

Habari zenu wapendwa, poleni na kazi, najua gesti ni wengi na nusu ya magari yako Ndutu kwa ajili ya nyumbu kuzaa, ila naomba dakika zenu chache msome hii mpaka mwisho maana kuna jambo la kujiandikisha na lina siku ya mwisho.

Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 28 Februari, ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi nchi nzima kama kawaida. Safari hii hatufagii geti letu na kupiga picha tu. Tunashuka korongoni, kipande kile cha Mto Naura kilicho nyuma ya ofisi, kuanzia kivuko cha miguu mpaka pale bustani za mchicha zinapoanza. Nimeongea na mwenyekiti wa mtaa, amekubali na yeye atakuwepo na vijana wake.

Kwanini sasa na sio mwezi wa sita tukiwa na nafasi? Kwa sababu masika iko mlangoni. Mvua za mwezi wa tatu zikianza kushuka kutoka Meru ule mto haufanani tena na huu mnaouona, na kila kilichotupwa pale kinabebwa, kinaenda kuziba kalavati na maji yanageukia kwenye nyumba za watu wa chini. Yasiyokwama yanaendelea, Naura na Themi zote zinaelekea Kikuletwa, na Kikuletwa inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, kwahiyo chupa iliyotupwa hapa nyuma yetu inaweza kwenda kuonekana na mvuvi kule Mwanga. Tukiokota Februari tunaokota takataka kavu ukingoni, tukisubiri Aprili hakuna wa kushuka pale.

Nilishuka juzi kuangalia. Mifuko ya rambo kweli imepungua sana tangu ilivyopigwa marufuku Juni 2019, lakini chupa za maji zimejaa mpaka zimetengeneza kama zulia chini ya kivuko, halafu pampasi, vifuko vya karanga, na vipande vya vigae ambavyo lazima kuna fundi alivimwaga usiku. Na pembeni kabisa, hatua chache tu, kuna mama anamwagilia mchicha na maji hayohayo. Ule mchicha tunakula sisi, tusijidanganye.

Sasa muda. Shifti ni mbili, ya kwanza saa 1:00 mpaka saa 3:00 asubuhi, ya pili saa 3:00 mpaka saa 5:00. Unaweza kuchukua moja, unaweza kuchukua zote, hakuna atakayekuuliza. Ukichukua moja ifanye yote, hicho ndo nawaomba zaidi ya kitu chochote, bora watu 20 wa uhakika kuliko majina 50 kwenye karatasi halafu asubuhi tunabaki tunapigiana simu. Lengo ni 30, yaani 15 kila shifti, maana wale wa kwenye maji lazima wawe wawili wawili na juu ya ukingo wawepo wa kuvuta viroba kwa kamba. Ukiongeza na nusu saa ya maelekezo Alhamisi tarehe 26, saa 10:30 jioni pale kantini, ndo muda wote unaodaiwa. Asiyefika Alhamisi hatashuka kwenye maji, atafanya kazi ya juu.

Hii ni hiari jamani, nasema wazi. Haihesabiki kwenye mahudhurio, haina ovataimu, na asiyekuja hataulizwa na bosi wake. Wenye zamu siku hiyo ongeeni na msimamizi wenu kubadilishana kabla ya kujiandikisha, sio baada.

Najua mwaka huu Ramadhani na Kwaresma zimekutana, kwahiyo waliofunga nimewafikiria. Chukueni shifti ya kwanza kabla jua halijakolea, na kazi yenu iwe ya kuchambua chupa kivulini, ile haina kubeba. Baada ya kazi kutakuwa na chapati, supu na maharage, wafungaji chakula chenu kitafungwa mwende nacho kwa ajili ya futari. Na ndugu zetu Wasabato, Jumamosi hamuwezi na nyie mnapenda kushiriki, basi Ijumaa tarehe 27 saa 8:00 mpaka saa 10:00 mchana nahitaji watu wanne wa kwenda kuchukua toroli, reki na makoleo tuliyoazimwa na kuyapanga stoo. Ni kazi kamili, bila hiyo Jumamosi haiendi.

Glovu zipo, zile nzito, sio za hospitali. Gambuti ziko pea 16 na zitavaliwa na walio kwenye maji kwa zamu, ndo maana naulizia namba ya kiatu. Wengine vaeni viatu vya kufunika, hakuna kandambili wala malapa, pale kuna chupa zilizovunjika na sindano. Ukiona sindano usiiguse hata na glovu, ita mtu mwenye koleo na kopo. Mwenye kidonda kibichi mguuni au mkononi afanye kazi ya juu. Kama unataka kwenda kuchoma chanjo ya pepopunda kabla ya siku hiyo niambie, nitakuombea ruhusa ya nusu siku. Watoto msije nao tafadhali, najua wanapenda, ila korongo lile lina mteremko mkali.

Chupa za plastiki tutaziweka viroba vyake na kuwaachia wale kina mama wanaokota na kuuza kwa kilo, nimeshawaambia na wamefurahi sana. Takataka zilizobaki kirikuu itazipeleka dampo la Murieti siku hiyohiyo, hakuna kiroba kitakachoachwa ukingoni.

Usafiri, kosta ya kampuni inatoka Sakina saa 12:15 asubuhi, Kilombero saa 12:30, Mnara wa Saa saa 12:40. Wa Njiro na Kijenge mtapitiwa na noah pale Kijenge saa 12:30. Shifti ya pili kosta inarudia njia hiyohiyo masaa mawili baadae, na kurudisha watu ni saa 6:00 mchana kwa wote.

Kujiandikisha kuna njia mbili, chagua moja usijiandike mara mbili ukanivurugia hesabu. Ya kwanza, daftari la kijani pale risepsheni. Ya pili, jibu hapa kwenye grupu hivi: NIPO, shifti 1, kiatu 42, Kilombero. Yaani shifti, namba ya kiatu, na unapopandia gari. Kama una jambo la kiafya usilopenda watu wasome nitumie inboksi, linabaki kwangu. Waongoza watalii mlioko porini na mtandao unasumbua, tumeni meseji ya kawaida nitawaandika mwenyewe.

Mwisho ni Jumatano tarehe 25 saa 10:00 jioni, baada ya hapo naagiza chakula na kupanga wawili wawili. Ukijiandikisha halafu ukapata dharura, niambie hata Ijumaa usiku, nitamtafuta mwingine wala sitakulaumu. Jikoni mpaka sasa wameshajiandika watano, mapokezi wawili, uhasibu bado naona kimya, nawasubiri.