Hotuba kwa Waume, Kikao cha Afya, Dunda, Bagamoyo

Waheshimiwa wazee wetu, kaka zangu na baba zangu, asalaam aleikum.

Nimekuja kuzungumza nanyi kwa sababu wake zenu wengi hutuambia zahanati kwamba wangependa kupanga uzazi, ila mume amekataa. Sikuja kuwalaumu, kwani hofu zenu zina asili yake.

Hofu kubwa ninayoisikia ni ugumba. Sindano ya miezi mitatu huweza kuchelewesha mimba kwa miezi kadhaa baada ya kuachwa, na hilo silifichi; lakini haiui kizazi, na mwanamke aliyetolewa kipandikizi au kitanzi anaweza kushika mimba mapema tu. Hedhi inaweza kubadilika pia, jambo ambalo mume akilijua mapema hatalidhania ugonjwa.

Wengine husema dini inakataza. Mimi ni muuguzi, si shehe, basi nitawakumbusha tu kwamba Kurani, katika Suratul Baqara, inataja kunyonyesha miaka miwili kamili, na wataalamu wa afya nao hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine, kwa kuwa mimba za kufuatana humwachia upungufu wa damu na huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa njiti.

Kuhusu shaka ya uzinzi, mtaniwia radhi: uaminifu haukai kwenye sindano.

Jumatatu asubuhi njooni zahanati pamoja na wake zenu, mniulize lolote faraghani. Huduma ni bure.