Shajara ya wiki ya giza, Pangani

Jumatatu
Transfoma ya mtaa wetu imelipuka jioni, muda mfupi baada ya Magharibi, kwa mshindo uliowatoa watu wote barazani. Mafundi waliofika wamesema kuwa nyingine italetwa kutoka Tanga mjini, lakini siku hawakuitaja. Mama hakungoja ahadi: amewatoa changu wote kwenye friji, akawapasua na kuwatia chumvi, na kesho wataanikwa juani wawe ng'onda.

Jumanne
Nimepanga foleni sokoni kwa mwenye sola ili nichaji simu ya Baba kwa shilingi 500. Giza bado.

Jumatano
Mishumaa imekwisha dukani, na Bibi amenituma nikatoe kandili la zamani katika sanduku lililo mvunguni mwa kitanda chake. Kioo chake kilikuwa kimefungwa katika kanga, na chini ya kanga palikuwa na bahasha pamoja na kadi ngumu yenye vyumba vidogo vilivyopangwa kwa namba, 1 hadi 30, vingi vikiwa vimetiwa alama ya wino. Juu yake pameandikwa jina la shamba la mkonge, mwaka 1958, na jina la mtu: Yohana Komba. Nilipomuuliza Bibi ni nani huyo, alinyoosha mkono akaichukua kadi, akasema, "Ni babu yako, mwanangu. Funga mlango."

Babu niliyesimuliwa tangu utotoni aliitwa Yahya, mzaliwa wa Bweni, ng'ambo ya mto, na ukoo wake wote ulikuwa wa wavuvi.

Alhamisi
Leo Bibi amezungumza, nami nimejitahidi kukumbuka maneno yake. Babu alikuwa Mngoni wa Songea, aliyeletwa na waajiri wa manamba waliokuwa wakikusanya vijana wa kusini kwa ajili ya mashamba ya mkonge ya Tanga. Kadi ile ndiyo kipande: kila siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa, mnyapara alitia alama katika chumba kimoja, na mshahara haukutolewa mpaka vyumba vyote 30 vijae, hata kama ugonjwa ungemlaza katikati ya mwezi. Mikono yake, asema Bibi, haikupona miiba ya mkonge hata alipokuwa mzee. Aliacha shamba, akasilimu, akamwoa Bibi mwaka 1960, na ndugu wa Bibi ndio waliomtungia asili ya Bweni, kwa kuwa hawakutaka isemwe kuwa binti yao ameolewa na manamba.

Nimemfikiria dada yangu. Mwaka jana Baba alimkatalia mchumba aliyetoka Newala kwa hoja moja tu, kwamba "kwao hakujulikani."

Ijumaa
Macho ya Bibi yana mtoto wa jicho, kwa hiyo baada ya Isha aliniomba nimsomee barua zilizo katika bahasha. Zimeandikwa kwa mkono mmoja, safi kama wa mwalimu, na zote zimetoka Peramiho. Mwandishi ni mke ambaye Babu alimwacha huko. Ya kwanza inasema: "Mtoto wako Agnes ameanza shule. Anauliza baba yake yuko wapi, nami namwambia yuko njiani. Ikiwa umeoa huko, si neno, lakini njoo umwone."

Babu hakujua kusoma. Bibi alijua, maana alisoma hadi darasa la nne, na yeye ndiye aliyekuwa akimsomea. Nilimuuliza alimsomea nini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akajibu: "Nilimwambia wanasema ameolewa na mtu mwingine, wako salama, asijisumbue. Nilikuwa na mimba ya kwanza, mwanangu, na nauli ya Songea ilikuwa akiba yetu yote."

Barua ya mwisho ni ya mwaka 1966. Babu alikufa akiamini kuwa walimsahau.

Jumamosi
Bibi mwenyewe amemwita Baba na kumweleza mbele yangu. Nilidhani Baba angekasirikia habari ya manamba, lakini hiyo aliipita haraka. Kilichomshinda ni Agnes. "Nina dada," alisema mara mbili, kisha akamuuliza Bibi kwa nini aliziweka barua badala ya kuzichoma. Bibi alisema kuzichoma kungekuwa kumuua yule mwanamke mara ya pili. Baba alitoka, na chakula cha usiku hakula nasi. Mimi namwonea Bibi huruma, na papo hapo namwona amefanya jambo baya sana. Bado sijui niziweke wapi hisia hizo mbili.

Jumapili
Umeme umerudi saa nne asubuhi. Baba ametumia simu yake kumtafuta mwenzake wa zamani wa jeshini anayeishi Songea, ambaye ameahidi kuuliza parokiani Peramiho kama Agnes Komba bado yu hai au ameacha watoto. Bibi ameniagiza ninakili barua zote katika daftari jipya bila kuruka neno, na ukurasa wa mwisho niandike, kwa jina lake, yale aliyomsomea Babu.

Dada amesikia yote. Amemuuliza Baba kama sasa yule wa Newala anaweza kuja na wazee wake. Baba amesema aje mwezi ujao.