Doti ya Kanga na Saa ya Daku

Pale kiwandani tulikuwa watu kumi na mmoja, na Bi Zaina ndiye niliyekuwa nikimjua kidogo kuliko wote, ingawa tulikaa meza moja. Yeye hupima, mimi hufunga na kubandika lebo. Gramu 50 za mdalasini kwake ni gramu 50, hazidishi kwa mkono wala hapunguzi kwa jicho. Akishapima hunisogezea pakiti bila ya neno. Jioni tunatoka Mwanakwerekwe, nguo zetu sote wawili zinanukia iliki na karafuu, kila mmoja anapanda daladala yake.

Nilikipenda kimya chake. Nyumbani nina mama mgonjwa, majirani wenye mambo yao na mdogo wangu asiyefunga mdomo. Nikikaa mbele ya Bi Zaina moyo wangu hutulia. Sikuwahi kumwambia.

Wiki ya mwisho ya Shaabani, Mzee Haji, msimamizi wetu, akasema vunja jungu la safari hii lisiwe la biriani tu. Kila mtu aandike jina lake kwenye kikaratasi, vitiwe ndani ya kikapu cha ukili, tuokote. Utakayemuokota umnunulie zawadi isiyopita shilingi 20,000, na usimwambie mtu mpaka siku yenyewe. Nikafungua changu chini ya meza: Zaina. Nilifurahi kama mtoto.

Nikaenda Darajani mapema Jumamosi. Kumchagulia mtu kanga ni kazi, kwa sababu unachagua rangi na unachagua maneno, na vyote viwili vikubali kwa pamoja. Nyekundu nzuri ina jina la ugomvi wa wake wenza. Ile yenye jina zuri, pindo lake limefifia. Mwenye duka alishanikunjulia doti nane, moja juu ya nyengine, nikaona ya rangi ya zambarau, mji wake umejaa maua meupe ya mkorosho, na chini yake: KIMYA KINGI KINA MSHINDO MKUU. Nikasema moyoni, huyu ni Bi Zaina mwenyewe. Mtu asiyesema, lakini ana uzito wake. Nikalipa bila ya kuomba apunguze.

Vunja jungu tulifanya ufukweni, chini ya mkungu. Tulikula biriani, tukala pweza wa kukaanga, ndipo zawadi zikatolewa. Bi Zaina alifungua yangu taratibu, akaitandaza mapajani. Kabla hajaisoma, mmoja wetu akainama na kuisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Watu wakacheka. Halafu, ghafla tu, wakaacha. Wawili wakaangaliana.

Bi Zaina aliikunja kanga mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka ikawa kama kitabu kidogo. Akasema, "Ahsante, Asha." Hakuniangalia.

Sikuelewa. Na sikupata hata nafasi ya kufikiri, kwa kuwa boksi langu lilikuwa mikononi na yeye ndiye aliyeniokota. Wawili tumeokotana! Wenzetu walipiga makofi. Nikafungua, ndani mna saa ya mezani, ya mishale, ya kengele.

"Haya, sasa hutochelewa tena!" mtu akasema.

Damu ilinipanda usoni. Miezi mitatu ile nilikuwa nachelewa, ni kweli. Kila asubuhi namuogesha mama, nampa dawa, namlisha uji, ndiyo natoka Fuoni mbio. Mzee Haji anajua. Nilidhani na Bi Zaina anajua, yeye anayepima na kufunga peke yake nikichelewa bila ya kulalamika. Kumbe alikuwa akihesabu dakika. Ndivyo nilivyojiambia. Nikalirejesha boksi kwenye mfuko, nilipofika nyumbani nikalitupia juu ya kabati.

Siku tatu tulifanya kazi kama watu wasiojuana. Pakiti zilisogezwa, lakini hata salamu ilitoka kwa shida. Zamani kile kimya kilinipumzisha, sasa kilinichoma.

Usiku wa kuamkia Ramadhani mama aliniomba nimtafutie shuka juu ya kabati, boksi likaanguka. Akaliokota, akaitoa saa, akaigeuza huku na huku. Betri ilikuwa pembeni, imefungwa kwa karatasi. Akaitia mwenyewe, mikono ikimtetemeka.

"Nani kakupa?"

"Mtu wa kazini. Ananitukana kwa uchelewaji."

Mama akaisogeza kwenye taa. "Mwanangu, mtu anayekutukana kwa kuchelewa kazini angekuwekea kengele saa kumi na mbili. Mshale huu mwekundu uko saa tisa na robo. Huyu kakununulia daku."

Nilikaa kitandani. Ikanirudia siku moja ya mvua, mwaka uliopita nadhani, tunafunga pilipili manga, mimi nasema kwa kusema tu: mtaani kwetu wapiga ngoma wa daku hawafiki, simu yangu betri mbovu inazima usiku, mwaka ule mama alifunga siku mbili bila ya kula daku kwa sababu nilipitiwa na usingizi. Nilisema huku nikibandika lebo. Nilidhani hata hakunisikia.

Kengele ililia saa tisa na robo. Nilipika uji wa mchele, mama akala.

Asubuhi nilifika kazini wa mwanzo. Bi Zaina alipokuja nikamwambia kabla hajavua buibui lake: "Bi Zaina, nisamehe. Nimeijua saa yako." Nikamweleza yote. Yeye akasimama, mkono juu ya mizani.

"Na mimi nikuulize," akasema. "Kwa nini umenipa ile kanga?"

"Kwa sababu ya kimya chako. Nakipenda."

Aliniangalia kwa muda. Halafu akakaa. Ndipo akanieleza kilichotokea zile wiki mbili nilizochukua ruhusa kumuuguza mama. Mizigo ya karafuu ilipungua ghalani, kijana mmoja akaachishwa, na pakazuka maneno kwamba aliyempeleka kwa wakubwa ni Zaina, maana ndiye mwenye mizani, na ndiye asiyesema. Hakumpeleka mtu. Hesabu zenyewe zilisema. Lakini watu walikuwa wakimpita wakinong'ona, kimya kimya huyo, mwogopeni. Nami nikamletea maneno yale yale, yamechapwa kwenye kanga, yakasomwa mbele ya watu wote.

"Wallahi sikujua," nikasema. Machozi yalinitoka, na sikuyaficha.

"Sasa najua hukujua." Ilikuwa sentensi ndefu kwake.

Nikataka kuirejesha dukani, nimletee nyengine. Akakataa. Akafungua mkoba wake. Kanga ilikuwa mle mle, bado imekunjwa kama kitabu. Siku zote zile alitembea nayo, akitaka kunirudishia na hajui aanzeje.

Doti huuzwa nzima, vipande viwili vimeungana. Akachukua mkasi tunaokatia mifuko, akanipa ncha moja ya kanga niishike. Tuliivuta mpaka ikakaza juu ya meza, unga wa mdalasini ukapanda hewani, naye akakata katikati, polepole, bila ya kupinda. Kimoja akakiweka kwenye mkoba wake. Kimoja akanisogezea, kama anavyonisogezea pakiti.

"Kapinde," akasema. "Tutazivaa Idi."