Nafasi ya Kazi: Karani wa Mizani, Kiwanda cha Kukamua Alizeti, Kizota, Dodoma (Tangazo Lililorekebishwa)

Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la awali. Waliokwisha kutuma barua wasirudie, tunazo. Sharti la shahada limeondolewa kwa sababu kazi hii haiihitaji, na mshahara sasa umetajwa.

Karani wa mizani ndiye anayempokea mkulima. Mtu ametoka Kondoa, Chemba au Kongwa na magunia yake, amelipia gari, na kilo utakazoandika ndizo ada ya mtoto wake. Utapima uzito na unyevu, utaandika stakabadhi mbele yake, na utamsomea namba kama hajui kusoma. Mbegu ikiwa mbichi utamwambia ukweli, hata akipandisha sauti, na wengine hupandisha. Madalali nao watakujaribu: watataka uongeze kilo huku au upunguze kule. Anayepokea chochote kutoka kwao hatutakaa naye. Anayekataa tutasimama naye, hata kama dalali huyo ndiye anayetuletea mzigo mkubwa.

Kuanzia Juni hadi Oktoba ni msimu. Malori hupanga foleni tangu alfajiri, vumbi ni jingi na mashine zina kelele. Barakoa na vizibo vya masikio tunatoa, lakini mwenye pumu afikirie vizuri kabla ya kuomba. Miezi mingine kazi hupungua, na utasaidia ghala la mashudu na hesabu za stoo.

Mshahara ni shilingi 420,000 kwa mwezi. Ukiondoa asilimia 10 ya NSSF na kodi, mkononi utabaki na takriban 369,000. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu, na msimu zitakuwepo. Likizo ni siku 28 kwa mwaka, ila tunaomba uichukue nje ya msimu. Mkataba ni wa mwaka mmoja, miezi mitatu ya kwanza ikiwa ya majaribio. Nyumba wala usafiri hatutoi. Chakula cha mchana kipo.

Tunahitaji mtu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye hesabu za haraka na mwandiko unaosomeka. Kompyuta tutakufundisha. Uzoefu wa mizani sokoni, hata kama huna cheti chake, uutaje. Kwetu una uzito. Wanawake waombe bila wasiwasi: mizigo hubebwa na wapakuzi, si karani.

Andika barua ya ukurasa mmoja, hata kwa mkono, ueleze kazi uliyowahi kushika iliyohusu fedha au mali ya watu. Ambatisha nakala ya cheti na namba za simu za watu wawili wanaokufahamu. Iache getini kabla ya saa 10 jioni, Ijumaa tarehe 8 Mei 2026. Usaili utakuwa mizanini, kwa kupima mzigo halisi. Wote tutawapigia simu, waliopata na waliokosa. Hakuna malipo yoyote ya kuomba kazi hii. Ukidaiwa hela na mtu yeyote, hata mlinzi, tuambie.

Ofisi ya Utumishi