Zaka, Ushuru na Kafara: Maneno ya Dini Yaliyokopwa Mara Mbili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza maneno machache ya dini ambayo Kiswahili kiliyapata kutoka Kiarabu. Ninadai kwamba maana zake hazikugeuka sana pale pwani ilipoyakopa. Ziligeuka baadaye, yalipochukuliwa mara ya pili na watu wenye kazi nyingine nayo: forodha, kanisa, mahakama na mganga. Mifano ya matumizi ya leo inatokana na matangazo na mazungumzo niliyoyasikia Tanga mjini, misikitini na makanisani.

1. Umbo

Sauti zilifuata njia inayojulikana. Silabi ya Kiswahili hupenda kuishia na irabu, hivyo ‘din’ ikawa dini na ‘nafs’ ikawa nafsi. Neno likiishia na konsonanti ya midomo, irabu inayoongezwa mara nyingi ni u: kitabu, thawabu, wajibu, haramu, salamu. Dhambi imekaidi. Inatokana na ‘dhanb’, na n imegeuka m mbele ya b kama inavyotarajiwa, lakini mwishoni tunapata i na si u.

Ngeli nazo zilidai haki yake. Katika ‘masjid’, sehemu ya kwanza ni kiambishi cha Kiarabu cha mahali, na mzizi ni uleule wa kusujudu. Sikio la Kibantu lilisikia m- ya mti na mkono, ndipo tukapata msikiti na misikiti. Malaika ni kinyume chake: katika Kiarabu hilo ni umbo la wingi, na mmoja ni ‘malak’. Sisi tunasema malaika mmoja bila wasiwasi, na hata vinywele laini vya mwilini tumeviita malaika.

2. Zaka na ushuru

Katika fikihi, zaka ya fedha ni asilimia 2.5 ya mali iliyofikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachopasa zaka, na kukaa mwaka mzima. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, zaka ni sehemu ya kumi: “Leteni zaka kamili ghalani,” anasema nabii Malaki. Neno ni moja, lakini viwango vinapishana mara nne. Mwumini wa Tanga anayeambiwa na padri alipe zaka, na jirani yake anayeambiwa hivyohivyo na imamu, hawapigi hesabu moja.

Kwa nini watafsiri hawakutumia neno la Kiarabu lenye maana halisi ya sehemu ya kumi? Neno hilo ni ‘ushr’, na wingi wake ni ‘ushur’. Biblia ya Kiarabu hulitumia papo hapo kwenye Malaki. Lakini pwani ya Afrika Mashariki lilikuwa limeshashikwa na forodha. Ushuru ni kile anachotozwa mwenye jahazi akishusha mzigo, na leo ni kile anachotozwa mama muuza nyanya sokoni. Kumwambia Mkristo mpya ampelekee Mungu ushuru kungemfanya Mungu afanane na karani wa bandarini. Huo ni ufafanuzi wangu, wala sidai kwamba mtafsiri yeyote aliuandika. Hata hivyo mpangilio wa maneno unauunga mkono: nafasi moja ilikuwa imejaa, neno la jirani likasogezwa.

Na halikusogezwa mbali. Zaka ya mazao yaliyonyweshwa na mvua ni sehemu ya kumi, na ya yaliyomwagiliwa kwa gharama ni nusu yake. Mkulima Mwislamu wa mahindi tayari alikuwa na zaka ya kumi kichwani. Daraja lilikuwepo kabla kanisa halijavuka.

Sadaka haikuhitaji daraja. Kiarabu chenyewe hulitumia kwa upana, na katika Kurani (9:60) wingi wake unataja kile ambacho wanazuoni wanakielewa kuwa ni zaka ya faradhi. Kanisani limebana upande mmoja na kupanuka upande mwingine: ni pesa ya kapuni Jumapili, na pia ni mnyama wa Agano la Kale katika “sadaka ya kuteketezwa”.

3. Kafara

Neno hili ndilo lililonisukuma kuandika. Mzizi wake, k-f-r, una maana ya kufunika, na ndio mzizi wa kafiri vilevile. Katika sheria ya Kiislamu kafara ni malipo ya kufuta kosa. Aliyevunja kiapo alishe maskini kumi, au awavishe, au amwache huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu (Kurani 5:89). Anayetoa ni mkosaji, anayepokea ni mhitaji, na hakuna anayeumia.

Sikiliza sasa Kiswahili cha kibarazani: “Alitajirika ghafla, inasemekana amemtoa mtoto wake kafara.” Au cha ofisini, bosi akiponyoka na karani akifukuzwa: “Wamemtoa kafara.” Hapa neno halitaji tena kile anachotoa mkosaji. Linamtaja asiye na kosa anayelipia. Kuna zaidi ya kushuka hadhi kwa maana. Washiriki wa tendo wamebadilishana viti. Nadhani njia ilipitia kwa mganga. Kafara ya kuondoa nuksi, kwa mfano kuku au chakula kilichoachwa njia panda, ilimbebesha kiumbe mwingine balaa la mgonjwa. Kutoka kuku hadi karani ni hatua fupi.

Maana ya kwanza haijafa. Shehe niliyemuuliza alizungumza juu ya kafara ya yamini, yaani ya kiapo, kwa utulivu kabisa, na kijana aliyekaa pembeni akashtuka, akidhani tunazungumzia damu.

4. Mapacha

Kuna maneno yaliyogawanyika mawili, na tahajia ikawa mpaka. Herufi sad ya Kiarabu ni nzito, na baadhi ya Waswahili huidaka kwa w: swala, swaumu. Wengine huacha s nyepesi: sala, saumu. Leo tofauti hiyo ya matamshi imebeba dini. Tangazo la Idi huandikwa swala. Kitabu cha Wakatoliki huandika sala. Walokole mara nyingi huruka yote mawili na kusema maombi, kwa mzizi wa Kibantu. (Kwamba swala pia ni mnyama wa porini hakujamchanganya mtu yeyote niliyemsikia.)

Sheria na sharia ni pacha wa namna hiyohiyo. Asili ni moja, ila sheria imekwenda bungeni na barabarani, na mwenye kutaka kutaja ile ya Kiislamu peke yake ama huandika sharia kwa a, ama huongeza “ya Kiislamu”.

5. Hitima

Ninamalizia na neno dogo. ‘Khatma’ ni kukamilisha, hasa kuisoma Kurani hadi mwisho, na mtu anaweza kukhitimisha akiwa mzima na mwenye furaha. Lakini hitima, kwa wasemaji niliowasikia Tanga, imefungwa kwenye msiba: watu wagawane juzuu, wasome, wale pilau, waondoke. Ndugu zake hatima na hitimisho wamebaki huru. Mwanafunzi huandika hitimisho la tasnifu bila mtu kufa. Nilipomwambia bibi mmoja wa Ngamiani kwamba nimefika kwenye hitima ya makala yangu, aliniuliza amefariki nani.