Neema, Mhitimu wa Jiomatiki: Ramani Zilizohakikiwa Uwandani

Ukurasa wa 1
Ndugu mwajiri, naitwa Neema. Nimehitimu Shahada ya Sayansi katika Jiomatiki, Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, mwaka 2025. Natafuta nafasi ya mpima ardhi msaidizi au mchambuzi wa data za kijiografia.

Ukurasa wa 2: Mafuriko ya bonde la Msimbazi
Katika mradi wa mwaka wa mwisho nilichora maeneo yaliyofunikwa na maji kuanzia Kigogo hadi Jangwani, nikitumia picha za rada za setilaiti ya Sentinel-1, ambazo hutolewa bure na hazizuiwi na mawingu ya masika. Maji yaliyotulia huonekana meusi kwenye picha hizo, kwa kuwa uso wake laini huyaakisi mawimbi ya rada mbali na setilaiti. Lakini kwenye nyumba zilizobanana, kuta huyarudisha mawimbi kwa nguvu na maji yakafichika.

Ukurasa wa 3: Nilivyohakiki
Kwa sababu hiyo nilipita mitaani, nikawaomba wenyeji wanionyeshe alama za maji kwenye kuta, nikazipima kwa kipokezi cha GNSS, kisha nikarekebisha mipaka ya mafuriko na kuilinganisha na majengo yaliyochorwa katika OpenStreetMap. Ramani yangu inatenganisha maeneo yaliyothibitishwa na yaliyokadiriwa, kwani anayepanga makazi ya watu ana haki ya kuiona tofauti hiyo.

Ukurasa wa 4: Ramani za zamani za viwanja
Wakati wa mafunzo kwa vitendo katika halmashauri moja mkoani Pwani, nilikuta ramani za upimaji zilizochorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali vipimo vipya vilisomwa kwa WGS 84. Mifumo hiyo ikichanganywa bila kubadilishwa, kiwanja huonekana kimehama kwa takriban mita 300, na huo ndio mwanzo wa mgogoro wa mipaka. Niliandika programu fupi ya Python inayobadilisha viwianishi kutoka `EPSG:21037` kwenda `EPSG:32737`, na kabla ya kukabidhi kazi nikalinganisha matokeo na mawe ya mipaka yaliyokuwa bado ardhini.

Ukurasa wa 5: Ujuzi
Natumia QGIS na PostGIS kila siku, naandika Python, na napima kwa GNSS bila kusimamiwa. Picha za droni nimezichakata darasani tu; ningependa kuzifanyia kazi zaidi. Naandika ripoti kwa Kiswahili na Kiingereza.

Ukurasa wa 6: Mawasiliano
Tafadhali nitumie ujumbe kupitia akaunti hii ya LinkedIn, ukitaja nafasi na kituo cha kazi. Nitajibu ndani ya siku moja ya kazi. Wasifu kazi wangu na ramani za kazi hizi mbili, pamoja na maelezo ya hatua nilizofuata, vimepachikwa juu ya ukurasa wangu. Naweza kuanza kazi mara moja, na niko tayari kuhamia mkoa wowote.