Barua ya Kumwingiza Mtoto Mchanga Kwenye Bima ya Afya ya Familia

Kennedy Omondi Ouma,
Mtaa wa Migosi,
Kisumu.

23 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Bima ya Afya,
Tawi la Kisumu.

Bwana/Bi Meneja,

MINTARAFU: KUMWONGEZA MERCY ATIENO OMONDI, ALIYEZALIWA 3 JUNI 2025, KWENYE BIMA NAMBARI AF/KSM/04417

Mimi ndiye mwenye bima hiyo. Nawaandikia kuwaarifu kwamba mke wangu, Lilian Akoth, alijifungua mtoto wa kike Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa nane na dakika arobaini usiku, kwa upasuaji, katika hospitali iliyo kwenye orodha yenu hapa mjini Kisumu. Mtoto alizaliwa na kilo 2.9, mimba ikiwa ya wiki 38. Naomba aingizwe kwenye bima ya familia kuanzia tarehe aliyozaliwa, wala si tarehe ya barua hii.

Kifungu cha 7(c) cha mkataba wetu kinasema mtoto mchanga huhesabiwa mwanachama tangu kuzaliwa iwapo mwenye bima atatoa taarifa kwa maandishi ndani ya siku 30. Hakisemi kama siku yenyewe ya kuzaliwa inahesabiwa. Mimi nimeihesabu, ili tusije tukabishana baadaye. Kwa hesabu hiyo leo ni siku ya 21, na dirisha litafungwa Jumatano tarehe 2 Julai. Ningeweza kungoja mpaka wiki ijayo nije na karatasi zote zikiwa zimekamilika, lakini keshokutwa tarehe 25 ni kumbukumbu ya maandamano ya mwaka jana na sidhani kama kuna duka litakalofunguliwa hapa mjini, langu la Kibuye likiwemo. Baada ya hapo sitaki kubahatisha. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe leo na nakala mbili za barua hii. Moja ni yenu. Ya pili naomba igongwe muhuri wa kupokelewa, itiwe tarehe na sahihi, nami niondoke nayo.

Msione ni ukaidi. Wavulana wangu pacha, Opiyo na Odongo, walipozaliwa mwaka 2019 tulikuwa na kampuni nyingine. Nilimwambia wakala kwa mdomo, naye akaniambia nisiwe na wasiwasi. Miezi minne baadaye Odongo akashikwa na homa ya mapafu, nikafika hospitalini na kadi, nikaambiwa mtoto huyo hayumo. Kumbe mtu aliyekuwa akiingiza majina aliona watoto wawili wenye tarehe moja ya kuzaliwa, baba mmoja na mama mmoja, akadhani ni jina moja limeandikwa mara mbili, akalifuta la pili. Wakala naye alikuwa ameshaacha kazi. Sikuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha kwamba niliwahi kusema nina watoto wawili. Nililipa kutoka mfukoni, na tangu siku hiyo jambo la bima silisemi kwa mdomo peke yake.

Sasa nije kwenye majina, maana hapa pana mambo mawili ambayo karani wenu atayaona na huenda yakamfanya aweke faili kando.

La kwanza ni jina la mtoto. Arifa ya kuzaliwa iliyotolewa na hospitali inasema Mercy Atieno Omondi, na hilo ndilo jina litakaloingia kwenye cheti. Ni Atieno kwa sababu alizaliwa usiku. Lakini mama yangu alipokuja kutoka Seme alisema mtoto anayefuata pacha ni Akello, hilo halina mjadala, na nyumbani tangu siku hiyo hakuna anayemwita vingine. Kadi yake ya kliniki imeandikwa Mercy Akello, kwa sababu ni nyanya aliyempeleka dawatini siku ile huku mke wangu akiwa bado na maumivu ya mshono. Nimeiomba kliniki isahihishe, nao wameandika Atieno juu yake na kutia muhuri. Kwenye bima tumieni jina la arifa, neno kwa neno. Na mkipiga simu ya nyumbani kuthibitisha, tafadhali ombeni kuongea nami au na mke wangu. Mama akiulizwa kuhusu Atieno atawaambia hamjui.

La pili ni jina la mke wangu. Kwenye kitambulisho na kwenye bima yenu ni Lilian, kwa L moja katikati. Arifa imeandikwa Lillian, kwa L mbili. Nambari ya kitambulisho kwenye arifa ni sahihi. Afisa wa kumbukumbu wa hospitali ameniandikia barua fupi kukiri kosa hilo, nimeiambatisha, na marekebisho yatafanywa kabla ya cheti kuchapishwa. Cheti chenyewe nimeshakiomba. Mkataba wenu unakubali arifa ndani ya zile siku 30, kisha cheti kiletwe kabla ya siku 90, yaani kwa hesabu yangu ileile kabla ya mwisho wa Agosti. Nitakileta.

Kuhusu ada. Kwa sasa tuko kwenye daraja la M+3, yaani mimi, mke wangu na wale pacha, kwa shilingi 96,000 kwa mwaka. Mercy anatupeleka M+4, ambayo kwenye jedwali lenu la mwaka huu ni shilingi 108,000. Tofauti ni 12,000. Mwaka wetu wa bima ulianza 1 Februari 2025 na utaisha 31 Januari 2026, kwa hiyo kuanzia 3 Juni zimebaki siku 243 kati ya 365. Hiyo ni shilingi 7,989, kabla ya tozo za kisheria. Nilipopiga simu wiki iliyopita, kijana aliyenihudumia, na alinihudumia kwa adabu, alinishauri kwamba ingekuwa nafuu mtoto aanze siku barua itakapopokelewa. Nimeipiga hesabu hiyo pia. Kuanzia leo zimebaki siku 223, ambazo ni shilingi 7,331. Ningeokoa shilingi 658. Na kwa shilingi hizo 658 ningekuwa nimewaachia bili ya 38,400. Nipeni ankara ya 7,989 pamoja na tozo zake, nami nitalipa siku hiyohiyo.

Bili hiyo ndiyo kiini cha barua hii, kwa hiyo niieleze vizuri.

Mke wangu aliruhusiwa kutoka wodini Ijumaa tarehe 6 Juni. Gharama za upasuaji wake zilikwisha: SHA ilitoa shilingi 30,000 zake, ninyi mkamalizia chini ya fungu la uzazi, na nashukuru kwa hilo, halikuchukua hata saa moja. Lakini asubuhi ile ya kutoka, muuguzi alimbonyeza mtoto kwenye paji la uso na kifuani, akaona rangi ya manjano. Kipimo cha damu kilionyesha bilirubini imepanda kuliko inavyoruhusiwa kwa mtoto wa siku tatu. Akalazwa kwenye chumba cha watoto wachanga, akawekwa chini ya taa za bluu akiwa amefunikwa macho, kwa siku mbili. Mama mtu alikuwa akiitwa kila baada ya saa tatu kuja kunyonyesha, akikaa kwenye benchi la nje muda mwingine wote. Jumapili tarehe 8 kipimo kilishuka, akaruhusiwa.

Hospitali ilifungua faili la mtoto peke yake, kama inavyotakiwa, kwa sababu yeye sasa alikuwa ndiye mgonjwa na mama yake alikuwa ameshatolewa. Walipowapigia simu ninyi, jibu likawa kwamba mtoto hayumo kwenye orodha ya wanachama. Jibu hilo lilikuwa kweli siku ile na silalamiki. Nililipa shilingi 38,400 kwa M-Pesa, kwa sababu taa hazingengoja barua. Lakini kifungu cha 7(c) kikishafanya kazi yake, Mercy atakuwa alikuwa mwanachama wenu tarehe 6, 7 na 8 Juni, na fedha hizo ni deni lenu kwangu. Fomu ya madai iliyojazwa na daktari, muhtasari wa kutoka hospitalini, majibu ya vipimo, ankara iliyochanganuliwa na risiti vyote viko nyuma ya barua hii. Risiti ni za asili, nimebaki na nakala.

Natarajia mtu ataleta habari ya kifungu cha 11, kile cha kusubiri siku 30 kabla ya mwanachama mpya kulipiwa matibabu ya ugonjwa. Nimekisoma mara tatu. Kinamhusu mwanachama "anayejiunga". Mtoto aliyezaliwa ndani ya bima hajajiunga kutoka mahali popote, na 7(c) ingekuwa haina maana yoyote kama ingempa mtoto haki tangu kuzaliwa kisha kifungu cha 11 kimnyang'anye mwezi uleule anaoihitaji zaidi. Wala manjano si ugonjwa aliokuja nao wa kasoro ya kuzaliwa. Daktari ameliandika hilo waziwazi kwenye muhtasari, mstari wa mwisho.

Jambo dogo la mwisho ni kadi. Kliniki ya wiki sita ni Jumanne tarehe 15 Julai, na ningependa kadi iwe tayari kabla ya siku hiyo, maana mtoto akionekana na daktari huko lazima mashine isome alama ya kidole, na vidole vya Mercy havisomeki bado. Unganisheni kadi yake na alama zangu na za mama yake, sote wawili. Kwa wale pacha iliunganishwa na zangu tu, na kila wakiugua inabidi nifunge duka.

Ninachoomba kutoka kwenu ni nyongeza ya mkataba kwa maandishi, yenye jina la Mercy Atieno Omondi na tarehe ya kuanza 3 Juni 2025, pamoja na ankara yake, ifikapo Jumatatu tarehe 30 Juni. Kama kuna karatasi inayokosekana niambieni kabla ya siku hiyo, nipate siku mbili za kuitafuta dirisha likiwa bado wazi. Simu yangu mnayo kwenye faili. Ikilia nikiwa Kibuye huenda nisiisikie kwa kelele za mashine ya kukata vyuma ya jirani, basi mnitumie ujumbe.

Viambatisho: arifa ya kuzaliwa; barua ya afisa wa kumbukumbu; nakala za vitambulisho vyetu wawili; fomu yenu ya kuongeza mtegemezi, nimeijaza na kutia sahihi; picha moja ya mtoto (amelala, hatukufaulu kumpiga akiwa macho); na faili la madai ya 6 hadi 8 Juni, kurasa 9.

Wako mwaminifu,

Kennedy Omondi Ouma
Mwenye bima nambari AF/KSM/04417